Duka Chini, Familia Juu: Nyumba za Mji Mkongwe

Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wafanyabiashara kutoka Kachi na Gujarati walizidi kumiminika kisiwani. Wengi walijenga nyumba iliyokuwa duka kwanza na makazi baadaye. Upande wa mbele uliachwa wazi ukielekea njiani, ukifungwa usiku kwa mbao. Familia ililala nyuma ya bidhaa, na mali ilipoongezeka ikapandisha ghorofa. Katika nyumba kama hizi ngazi za kwendea juu huwa na mlango wake kando ya duka, kwa hiyo mteja na mwenyeji hawagongani.

Nyumba ya Kiarabu ilijengwa kwa fikra nyingine kabisa. Ilikuwa na mlango mmoja mkubwa wa kuchonga, kisha daka lenye kona, ili anayepita njiani asiweze kuona ndani. Chini palikuwa na ghala na vyumba vya watumishi, kuta zikiwa nzito na madirisha machache, madogo, yaliyo juu. Watu wa nyumba waliishi ghorofani, penye upepo na faragha.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali, na palipoishi familia moja zikaingia kadhaa. Miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa na watalii wakaanza kuongezeka, chumba cha chini kinachotazama njia kikawa na thamani kubwa. Watu wakawa wanatoboa kuta za nyumba za Kiarabu ili wapate maduka. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe, na kazi za namna hii zikahitaji kibali.

Hatari ya kutoboa imo ndani ya ukuta wenyewe. Kuta hizi zina unene wa nusu mita au zaidi, za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Juu yake hulala boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya mji huu ni vyembamba na virefu. Kwa kuwa boriti hukata upande mfupi, mara nyingi ncha zake hukaa juu ya ukuta wa njiani, ule ule ambao mwenye duka anataka kuufungua. Sakafu yote ya juu, nayo ni mawe na chokaa, inategemea ukuta huo.

Fundi anayejua kazi hagusi jiwe kabla ya kuegemeza boriti kwa nguzo kutoka chini. Kisha hukata ukuta nusu ya unene wake, huweka linta za mbao ngumu, hujaza kwa chokaa na kusubiri ishike, ndipo huhamia nusu ya pili. Anayekwenda haraka huvunja yote kwa mara moja. Matokeo hayaonekani siku hiyo. Ufa huanzia kona ya mlango mpya, hupanda mshazari hadi dirisha la aliye juu, na mpangaji wa juu huwa wa kwanza kuuona. Akibandika kipande cha kioo chembamba juu yake kwa plasta na kioo kikavunjika, ajue ukuta bado unasogea. Wengine huziba ufa kwa saruji, nami naona hilo ni kosa kubwa, kwani saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta unaohitaji kupumua, na ncha za boriti huoza zikiwa zimefichwa.

Tatizo linalofuata ni mlango. Nyumba ya Kiarabu haina ngazi za kando, hivyo duka likifunguliwa ndani ya daka, familia za juu hupita katikati ya vinyago na kanga kila wanapotoka. Usiku mwenye duka akifunga kwa kufuli lake, watu wa juu wamefungiwa. Suluhisho la kweli ni duka kupata mlango wake njiani, na lisiwe na njia ya kuingia dakani. Daka na ngazi zibaki za wakaazi peke yao, bila maboksi ya bidhaa kwenye vidato.

Tatizo la tatu ni kelele za duka, nazo zilidhihirika zaidi Desemba 2009, Unguja ilipokatikiwa umeme kwa takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Jenereta za maduka zilipangwa vichochoroni, mbele ya milango. Ukuta mnene huzuia vizuri sauti inayopita hewani, lakini kichochoro chenye kuta ndefu pande zote mbili hurudisha mngurumo na kuupandisha moja kwa moja hadi madirisha ya juu, ambayo kwa joto la kisiwa hayawezi kufungwa. Mashine iliyoegemezwa ukutani huongeza jingine: mtikisiko hupita ndani ya mawe hadi chumba cha kulala. Kuiondoa ukutani na kuilaza juu ya mpira mnene hupunguza huo mtikisiko. Mngurumo wa kichochoroni hupungua kwa kuihamishia uwanja wa wazi, na kwa nyumba isiyo na uwanja, mwenye duka na wa juu hubaki kupatana saa ya kuizima.