Arbuni ya nyumba: Kwa nini asilimia 10 haimtoshi mnunuzi

WANUNUZI wengi wa nyumba ya kwanza huingia benki wakiwa na hesabu moja tu vichwani mwao: benki inakopesha asilimia 90 ya bei, hivyo anayetaka nyumba ya Sh5 milioni anahitaji Sh500,000 mkononi. Hesabu hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini ndiyo ambayo huwaponza wengi baada ya kutia saini mkataba wa ununuzi.

Kosa si katika asilimia bali katika kiasi ambacho asilimia hiyo inatolewa. Benki haikopeshi kwa kufuata bei waliyokubaliana mnunuzi na muuzaji. Hukopesha kwa kufuata thamani ya mali jinsi ilivyokadiriwa na mthamini aliyeidhinishwa na benki yenyewe, na endapo bei na thamani hazilingani, hesabu hufanywa kwa kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Mgao huo ndio wataalamu wa mikopo huuita uwiano wa mkopo kwa thamani. Mkopo wa Sh4 milioni kwa nyumba yenye thamani ya Sh5 milioni una uwiano wa asilimia 80. Sehemu iliyobaki hutoka mfukoni mwa mnunuzi, na huo ndio mchango wake.

Yafaa kutofautisha mchango huo na arbuni. Arbuni ni fedha anazolipa mnunuzi wakati wa kutia saini mkataba ili kuthibitisha nia yake, na kwa kawaida nchini Kenya huwa asilimia 10 ya bei. Mchango ni jumla ya pengo lote lisilozibwa na mkopo. Arbuni ni sehemu tu ya mchango, na mara nyingi ndiyo sehemu ndogo.

Mfano wa nyumba ya Kitengela

Tuseme mfanyakazi aliyeajiriwa jijini Nairobi amepata nyumba Kitengela, Kaunti ya Kajiado, kwa bei ya Sh5 milioni. Benki yake hukopesha hadi asilimia 90. Anatia saini mkataba na kulipa arbuni ya Sh500,000, akiamini kwamba benki itamalizia Sh4.5 milioni.

Baadaye mthamini anazuru nyumba hiyo, anaitazama, anailinganisha na nyumba zilizouzwa karibu nayo, na kuripoti kwamba thamani yake katika soko ni Sh4.4 milioni. Asilimia 90 ya kiasi hicho ni Sh3.96 milioni. Mchango wa mnunuzi umepanda kutoka Sh500,000 hadi Sh1.04 milioni, na hata baada ya kutoa arbuni aliyokwisha kulipa, angali anadaiwa Sh540,000.

Hapo bado gharama za kuhamisha umiliki hazijaguswa. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa mali iliyo katika maeneo ya miji na asilimia 2 kwa maeneo ya mashambani. Kwa nyumba hii, endapo mthamini wa serikali atakubali bei ya Sh5 milioni, ushuru utakuwa Sh200,000. Kuandikisha rehani ya benki hutozwa ushuru mwingine wa asilimia 0.1 ya mkopo, ambao hapa ni Sh3,960.

Isitoshe, mnunuzi hulipa wakili wake na, kwa kawaida, hulipa pia wakili wa benki. Tukadirie Sh150,000 kwa wote wawili, Sh15,000 kwa mthamini na asilimia 1 ya mkopo, yaani Sh39,600, kama ada ya benki ya kushughulikia mkopo. Gharama hizo zote zinafika Sh408,560, bila kuhesabu bima ya maisha na ya nyumba ambazo benki hudai.

Jumla ya fedha anazohitaji mnunuzi huyu basi ni Sh1,448,560. Hizo ni karibu mara tatu ya zile Sh500,000 alizokuwa ameweka akiba.

Fedha hizi pia zina wakati wake. Benki haimlipi muuzaji siku mkopo unapoidhinishwa. Wakili wake humwandikia wakili wa muuzaji ahadi ya kulipa, na fedha hutolewa baada ya hatimiliki kuhamishwa na rehani kuandikishwa. Kabla ya kutoa ahadi hiyo, benki kwa kawaida hutaka ithibati kwamba mnunuzi amekwisha kulipa mchango wake wote. Asiyekuwa na zile Sh540,000 hukwama papo hapo, huku muda wa kukamilisha ununuzi, ambao katika mikataba mingi ni siku 90, ukiendelea kuyoyoma.

Muda huo ukipita, muuzaji anaweza kutoa notisi, kuvunja mkataba na kuidai arbuni kwa mujibu wa masharti yaliyotiwa saini. Mnunuzi hupoteza nyumba na Sh500,000 pamoja.

Kinga ipo, nayo ni ya kutafutwa kabla ya saini wala si baadaye. Kwanza, mthamini wa benki atangulie na mkataba ufuate. Ada yake ni ndogo mno ikilinganishwa na arbuni. Pili, mkataba uwe na kifungu kinachosema kwamba ununuzi unategemea benki kutoa mkopo wa kiasi kilichotajwa kwa tarakimu, na kwamba mkopo ukikosekana au ukipungua, arbuni itarejeshwa. Wauzaji wengine hukataa kifungu hicho. Muuzaji akikataa, mnunuzi angalau anajua ni hatari gani anayoibeba.

Ripoti ya mthamini ikiwa chini ya bei, hiyo pia ni silaha ya kujadiliana. Mnunuzi wa Kitengela angeweza kurudi kwa muuzaji na kuomba bei ishuke hadi Sh4.4 milioni. Wakikubaliana, mchango wake ungekuwa Sh440,000 badala ya Sh1.04 milioni.

Kwa nini benki hushikilia pengo

Ripoti ya mthamini huwa na zaidi ya tarakimu moja. Pamoja na thamani ya soko, huonyesha thamani ya kuuza kwa lazima, yaani kiasi kinachotarajiwa endapo mali itanadiwa kwa haraka. Wathamini wengi nchini huikadiria kuwa takriban asilimia 75 ya thamani ya soko. Kwa nyumba yetu, hiyo ni Sh3.3 milioni.

Mkopo wa Sh3.96 milioni unaizidi thamani hiyo kwa Sh660,000. Mkopaji akishindwa kulipa mapema na nyumba ikinadiwa kwa Sh3.3 milioni, atapoteza nyumba na mchango wake wote, kisha angali atadaiwa Sh660,000, pamoja na riba iliyolimbikizwa na malipo ya dalali. Lau angekopa asilimia 70 tu, yaani Sh3.08 milioni, mnada ungelipa deni la msingi na kubakisha chochote.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 humpa mkopaji ulinzi fulani. Benki hulazimika kumpa notisi ya muda usiopungua miezi mitatu ili alipe malimbikizi, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Aidha, ina wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana, na bei ya mnada ikiwa chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, huchukuliwa kwamba wajibu huo umekiukwa mpaka benki ithibitishe vinginevyo. Hata hivyo, ulinzi huo haulifuti deni linalosalia.

Ndiyo maana matangazo ya mikopo ya asilimia 100, na hata 105, ambayo baadhi ya benki nchini zimewahi kutoa, yanahitaji kusomwa kwa makini. Mkopaji wa aina hiyo huanza safari akiwa na deni linalotoshana na thamani ya nyumba au kuizidi.

Ploti tupu

Kwa ploti isiyo na jengo, benki hukopesha kwa uwiano mdogo zaidi na kwa muda mfupi zaidi. Ploti haileti kodi, haikaliwi, na kuinadi huchukua muda. Ikiwa benki inakopesha asilimia 60 ya ploti ya Sh2 milioni, mnunuzi atahitaji Sh800,000 kabla ya gharama nyingine.

Ploti iliyo katika ardhi ya kilimo huhitaji pia idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Bila idhini hiyo mauzo ni batili kisheria, na benki haitaandikisha rehani.

Hata hivyo, ploti iliyokwisha kulipiwa ina faida yake. Mwenyewe anapoomba mkopo wa ujenzi, benki nyingi huihesabu thamani yake kama mchango. Aliye na ploti ya Sh2 milioni na anayetaka kujenga nyumba ya Sh4 milioni huonekana kuwa tayari ameleta theluthi ya thamani ya mradi mzima.

Arbuni ya kukopa

Kuna wanaoziba pengo kwa mkopo kutoka chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Njia hiyo ina gharama iliyofichika. Mkopo wa Sh540,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, unaolipwa kwa miaka minne, hukata takriban Sh14,220 kila mwezi. Kwa kuwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara, kiasi hicho hupunguza nafasi ya kulipia nyumba.

Katika mkopo wa nyumba wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 14, Sh14,220 kwa mwezi zingetosha kulipia deni la takriban Sh1.14 milioni. Kwa maneno mengine, anayekopa Sh540,000 ili kuongeza mchango anaweza kupunguziwa mkopo wa benki kwa zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho.

Njia isiyogusa mshahara ni pensheni. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2020 humruhusu mwanachama wa mpango wa kustaafu kutumia hadi asilimia 40 ya mafao aliyolimbikiza, pasipo kuzidi Sh7 milioni, kununua nyumba ya kuishi. Fedha hizo hupunguza mafao ya uzeeni, lakini hazina riba wala makato.

Na kila shilingi ya mchango ina thamani yake katika malipo. Kwa riba na muda uliotajwa, kila Sh100,000 ambazo mnunuzi hakukopa humwondolea takriban Sh1,243 kwa mwezi, ambazo kwa miaka 20 hufika karibu Sh298,000. Mwenye akiba ya ziada atalinganisha nafuu hiyo na haja ya kubakiza fedha za dharura, kwa maana nyumba haiwezi kukatwa kipande na kuuzwa siku mshahara unapochelewa.