Maswali ya Kumaliza Kabla ya Barua ya Posa

Barua ya posa ikishafika kwa wazazi wa binti, mazungumzo hutoka mikononi mwa wawili. Mshenga ndiye husema, wazee hupanga mahari, na swali ambalo wachumba hawakuulizana mapema huwa zito kulitamka. Kwa hiyo utayari wa kuposa, au wa kukubali posa, hupimwa kabla ya barua, kwa kutazama yaliyokwisha kujibiwa.

Mkoani Njombe swali la kwanza ni afya. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani humu wanaishi na VVU, kiwango kinachozidi mikoa mingine yote. Wachumba wapime pamoja na wapokee majibu pamoja. Kipimo cha kawaida huweza kukosa maambukizi mapya, hivyo kirudiwe baada ya miezi mitatu, na katika miezi hiyo wajizuie au watumie kondomu. Vinginevyo kipimo cha pili hakithibitishi kitu. Majibu yakitofautiana, uchumba haujafa: anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Ninayemtilia shaka ni yule anayepata udhuru kila siku ya kupima inapofika, hata kama ng'ombe wa mahari wako zizini.

Swali la pili ni mali na makazi. Tuchukue mfano wa kijana wa Mawengi mwenye ekari mbili za misindano alizopanda kabla ya uchumba kwenye ardhi ya baba yake, na binti mwenye genge sokoni Makambako. Kijana akisema "tuna shamba", bado hajajibu. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mtu, ila mali ya kabla ya ndoa iliyoendelezwa sana na mwenza, au kwa nguvu ya wote wawili, huweza kuingia kwenye mgawanyo ndoa ikivunjika. Binti akipalilia misindano hiyo miaka kumi, jasho lake linatambulika. Lakini ardhi yenyewe ikibaki ya baba mkwe, dai lake ni dhaifu. Basi baba aulizwe mapema, mbele ya wote wawili, kama ardhi ameigawa au ameiazima tu. Na kama binti atahamia Mawengi, wakubaliane genge litabaki na nani na mapato yake yatakwenda wapi. Ukisikia "tutaona hukohuko", posa isubiri.

Ahadi ikivunjwa, sheria hailazimishi ndoa. Aliyeumizwa anaweza kudai gharama alizoingia kweli kwa sababu ya ahadi hiyo, ndani ya mwaka mmoja, na zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa huweza kudaiwa zirudi.