Amri yenye 'ukitaka' na isiyo na 'ukitaka': Kant alimaanisha nini?

Mwaka 1785, mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alitenganisha amri za aina mbili. Ya kwanza ina sharti: ukitaka kupona, meza dawa. Usipotaka, amri haikuhusu. Ya pili haina sharti: usitoe ahadi ya uongo. Hapa huwezi kuchomoka kwa kusema "mimi sitaki".

Kwa nini? Kant anamtaja mtu aliyebanwa na shida. Anakopa hela na kuahidi kulipa, huku akijua kabisa hatalipa. Sasa ifanye hiyo iwe kanuni ya wote: kila aliyebanwa adanganye. Hakuna atakayeamini ahadi tena, na mkopo wenyewe hautapatikana. Kanuni inajiua. Kwa Kant, kosa liko kwenye akili, siyo kwenye matamanio, ndiyo maana linamgusa kila mtu, atake asitake.

Wapo waliobisha. Mwaka 1972, Mwingereza Philippa Foot alisema hata kanuni za adabu hazikuulizi unataka nini, lakini anayezipuuza hajakosea kimantiki. Kwake, maadili yana nguvu kwa mtu anayejali wenzake.