Ugonjwa, Uzazi au Msiba: Kuomba Likizo Mimba Inapoharibika

Tuseme mwanamke anaishi Kware, huko Embakasi, na kila asubuhi huenda kufungasha bidhaa katika kiwanda cha Viwandani. Mimba yake ya wiki 11 imetoka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haijatenga likizo kwa ajili ya jambo hilo, kwa hiyo ombi lake litapitia kifungu cha 30, yaani likizo ya ugonjwa. Akiwa ametimiza miezi 2 mfululizo kazini, anastahili siku 7 kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12. Kama mapema mwaka huo malaria ilimlaza siku 4, basi za mshahara kamili zimebaki 3.

Akivuka mpaka kuingia Uganda, mambo ni mengine. Sheria ya Ajira ya huko, ya mwaka 2006, inaitaja mimba iliyoharibika ndani ya likizo ya uzazi yenyewe: siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na angalau wiki 4 kati ya hizo zifuate kujifungua au kuharibika kwa mimba. India hutoa wiki 6, nayo huziweka kwenye uzazi. Nyuzilandi, tangu 2021, imelihesabu tukio hili kuwa msiba. Siku zake ni 3 tu, lakini mwenzi pia anazipata, kwa sababu anayefiwa si lazima awe ndiye aliyebeba mimba.

Huwezi kuzipanga nchi hizi kwa idadi ya siku peke yake, kwa kuwa kila moja inamdai mfanyakazi maelezo ya namna yake. Anayeomba kwa jina la uzazi au la msiba hana budi kusema kwamba kulikuwa na mimba. Anayeomba kwa jina la ugonjwa anaweza kunyamaza. Kenya inampa mwanamke wa Kware siku chache kuliko Uganda, ila inamwachia siri yake, na kwangu mimi hiyo si haki ndogo pale ambapo supavaiza huenda anaishi ghorofa moja naye na kuchota maji kwenye bomba lilelile.

Siri hiyo, hata hivyo, huvujia kwenye karatasi. Kifungu cha 30 kinataka mwajiri ajulishwe mapema iwezekanavyo kwamba mtu hayupo na kwa nini, kisha apewe cheti cha daktari kinachothibitisha kuwa hawezi kufanya kazi. Hakidai ripoti ya matibabu. Tofauti hii ni nzito, kwa kuwa katika lugha ya hospitali neno moja huandikwa kwa mimba iliyotoka yenyewe na kwa ile iliyotolewa. Karani asiye mganga akilisoma kwenye fomu ya kuruhusiwa kutoka wodini, anaweza kumdhania mgonjwa kosa la jinai. Kwa hiyo aombe kliniki cheti cha mapumziko chenye tarehe tu, na ile fomu abaki nayo nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na anaweza kulikumbusha hilo kwa upole akiulizwa zaidi.

Ujumbe wa kwanza unaweza kuwa hivi: “Habari ya asubuhi, Madam. Jana niliugua ghafla nikatibiwa hospitalini. Daktari amenipa mapumziko hadi Ijumaa. Cheti nitakituma leo. Naomba ruhusa.” Kila neno hapo ni kweli. Akisingizia homa ya tumbo, kesho ataulizwa habari za homa hiyo. Na kama kazi yake ni ya kuinua katoni, akirudi aeleze kikomo badala ya chanzo: “Daktari amesema nisiinue mizigo kwa wiki mbili.”

Hali hubadilika ikiwa kazini walishajua kuwa ni mjamzito. Akinyamaza, ataendelea kuulizwa tumbo linaendeleaje. Hapo ningeandika: “Kwa masikitiko, ujauzito wangu umeharibika. Naomba habari hii ibaki kwako, na wenzangu wasiniulize.” Sentensi ya pili ina kazi kubwa kuliko ya kwanza, kwani inamwambia meneja la kufanya.

Umri wa mimba nao huamua siri inawezekana hadi wapi. Japani, mimba ikishaingia mwezi wa 4, mama hupewa wiki 8 za baada ya kuzaa hata kama mtoto hakuwa hai. Katika fikihi ya Kishafii inayofuatwa pwani ya Waswahili, mpaka upo pia, nao ni miezi 4 kamili: mtoto aliyeifikisha huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa. Tokyo mpaka wake unafungua likizo. Lamu au Mombasa unafungua kaburi, na penye kaburi majirani hufika kutoa pole. Familia ya Kware yenye desturi hiyo haiwezi kuuita msiba ugonjwa mbele ya watu waliozika, na meneja ataelezwa tu.

Baba ndiye aliyesahaulika zaidi. Sheria ya Kenya haina likizo ya msiba, wala yeye si mgonjwa. Asipokuwa na mkataba wa chama cha wafanyakazi unaomsaidia, atakata katika siku zake 21 za likizo ya mwaka. Kwa likizo hiyo “jambo la dharura la familia” linamtosha kuandika, lakini kabla hajatuma amuulize mkewe kama naye ameridhika na maneno hayo.