Kujiandaa kwa jaribio la ukakamavu: pushapu, sitapu na mbio za kilomita 2.4

Majeshi na vikosi vingi vya polisi duniani hupima ukakamavu kwa mambo matatu: pushapu, sitapu (kulala chali na kuinua kiwiliwili hadi kuketi) na mbio za muda. Jeshi la Singapore, kwa mfano, hutoa dakika moja ya pushapu, dakika moja ya sitapu, kisha mbio za kilomita 2.4. Kati ya alama 100 za jaribio hilo, mbio peke yake zina alama 50. Hata hivyo wengi hujiandaa kinyume: hupiga pushapu kila siku na kuanza kukimbia wiki mbili za mwisho. Hapo ndipo miguu inapoumia.

Anza kwa kujipima

Fanya jaribio zima siku moja, kwa mpangilio wa kweli, ukiwa na mtu wa kukuhesabia. Pushapu ambayo kifua hakikushuka vya kutosha haihesabiwi, kwa hiyo usijidanganye nyumbani.

Tuseme umepata pushapu 18, sitapu 25 na mbio za dakika 14. Unahitaji pushapu 30, sitapu 35 na dakika 12 na nusu, na una wiki nane. Kilomita 2.4 ni mizunguko sita ya uwanja wa mita 400. Sasa unatumia dakika 2 na sekunde 20 kwa mzunguko, na unatakiwa kutumia dakika 2 na sekunde 5. Sekunde 15 kwa mzunguko ni kazi inayopangika.

Wiki yako iweje?

Jumatatu na Alhamisi fanya pushapu na sitapu. Usizipige mpaka uishiwe nguvu. Chukua nusu ya uwezo wako, yaani pushapu 9 na sitapu 12, rudia mara tano, ukipumzika dakika moja kila mara. Misuli iliyochoka kabisa hukufundisha kupinda mgongo tu. Jipime upya kila baada ya wiki mbili, kisha nusu yako ipande.

Jumatano kimbia mizunguko sita ya mita 400, ukitembea dakika mbili baada ya kila mmoja. Wiki mbili za kwanza lenga dakika 2 na sekunde 15, mbili zinazofuata 2 na sekunde 10, kisha 2 na sekunde 5. Ukishaizoea kasi hiyo, punguza mapumziko hadi dakika moja.

Jumamosi kimbia taratibu kwa nusu saa, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima bila kuhema. Wengi huidharau siku hii, lakini ndiyo inayojenga pumzi. Kila Jumamosi ya pili, badala yake, fanya jaribio zima.

Kwa nini miguu huwa mizito baada ya sitapu?

Sitapu haitumii tumbo pekee. Misuli ya mbele ya nyonga, inayokuvuta uketi, ndiyo hiyo hiyo inayoinua paja unapokimbia. Ukifanya mazoezi ya mbio ukiwa na nguvu zote kila mara, siku ya jaribio utashangaa. Ndiyo maana yale majaribio ya Jumamosi ni muhimu, na ndiyo maana hakuna sitapu Jumanne, siku moja kabla ya mizunguko ya kasi.

Maumivu yapi ni ya kusimama?

Maumivu yaliyosambaa kwenye ugoko, yanayopungua mwili ukipata joto, mara nyingi ni dalili kwamba umeongeza mbio haraka mno. Punguza. Lakini kama unaweza kuonyesha kwa kidole kimoja mahali panapouma, pakauma ukirukaruka kwa mguu mmoja au hata usiku umelala, mfupa huenda umepata ufa. Acha kukimbia na umwone daktari, hata kama jaribio ni wiki ijayo.

Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi au kola baada ya mazoezi mazito, hasa ukiambatana na misuli iliyovimba na kuuma sana, ni dharura. Misuli imeharibika, na yale yanayoingia kwenye damu yanaweza kuziba figo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua au kuzimia ukikimbia.

Wiki ya mwisho

Fanya nusu ya mazoezi, na siku mbili za mwisho pumzika kabisa. Nguvu mpya haipatikani tena. Kwenye mbio, angalia saa mzunguko wa kwanza. Ukiumaliza kwa dakika 1 na sekunde 45 kwa sababu wenzako wametimua mbio, punguza hapo hapo, kabla mzunguko wa nne haujakulazimisha kutembea.