Kunawa Mikono kwa Mdundo: Hatua Sita, Bango na Somo kwa Wanafunzi wa Awali na Darasa la Kwanza

Mtoto wa miaka sita akiambiwa anawe mikono kwa sekunde ishirini, hana namna ya kujua sekunde hizo zimefika. Hupaka sabuni, husugua viganja mara mbili au tatu, kisha husuuza. Ncha za vidole, kucha na dole gumba hubaki kama zilivyokuwa, ilhali hizo ndizo sehemu zinazogusa chakula na mdomo. Mdundo humsaidia kwa kuwa hubeba mambo mawili kwa pamoja, yaani mpangilio wa hatua na muda wake.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kuwa unawaji wote kwa maji na sabuni uchukue sekunde 40 hadi 60. Hatua za kusugua zilizomo katika mwongozo huo zinaweza kuwekwa katika mistari sita mifupi, kila mmoja ukiwa na silabi saba:

1. Kiganja kwa kiganja
2. Migongo ya mikono
3. Vidole katikati
4. Vidole vifungane
5. Gumba nalo zungusha
6. Kucha kwenye kiganja

Wanafunzi hutamka mstari huku wakianza kusugua, kisha huhesabu moja hadi nne kwa mwendo wa saa ya ukutani. Katika hatua ya pili, ya tano na ya sita, moja na mbili ni za mkono wa kulia, tatu na nne ni za mkono wa kushoto. Katika hatua ya nne, vidole vya mikono miwili hushikana kama ndoana ili migongo yake isuguliwe na kiganja cha pili. Mstari na hesabu yake huchukua takribani sekunde sita, hivyo hatua zote sita ni sekunde 36. Ukijumlisha kulowesha na kusuuza, jumla hufikia sekunde 50 hivi.

Kasoro inayojitokeza mapema ni haraka. Watoto wakishazoea maneno huyakimbiza. Mwalimu hutambua hilo kwa kutazama saa: hatua sita zikimalizika kabla ya sekunde 30, mdundo urudiwe polepole kwa kupiga makofi.

Bango hubandikwa mahali pa kunawia, kwenye kimo cha macho ya mtoto, wala si ofisini kwa mwalimu mkuu. Liwe na picha sita kubwa zenye namba, na chini ya kila picha mstari wake mmoja tu. Mikono ichorwe kama mtoto anavyoiona mikono yake mwenyewe. Ikichorwa ikimwelekea, kulia na kushoto humchanganya. Karatasi ifunikwe kwa nailoni ili isiharibiwe na maji.

Somo la dakika 30 linatosha. Katika dakika tano za mwanzo, mwalimu huwapaka wanafunzi wachache mafuta ya kula kidogo yaliyochanganywa na unga wa mdalasini, ambao unawakilisha uchafu. Mmoja hunawa kwa maji matupu, mwingine kwa sabuni kwa namna aliyoizoea, wa tatu kwa hatua sita. Darasa hutazama mahali unga ulipobaki. Hapo watoto huona kuwa maji peke yake hayaondoi mafuta, na kwamba sabuni huyaachanisha na ngozi ili maji yayachukue pamoja na vijidudu. Dakika kumi zinazofuata ni za kujifunza mdundo kwa mikono mikavu, na 15 za mwisho ni za kunawa.

Chukulia darasa la wanafunzi 45 lenye vibuyu chirizi vitatu. Kila mwanafunzi akisimama kwenye kibuyu kwa sekunde zote 50, foleni ya watoto 15 itachukua dakika 12 na nusu. Njia nyepesi ni kunawa kwa makundi ya watoto watano kwa kila kibuyu. Wote hulowesha mikono na kupaka sabuni, sekunde tano kila mmoja. Husogea pembeni na kusugua pamoja kwa mdundo, kisha hurudi kusuuza, sekunde kumi kila mmoja. Kundi moja hutumia sekunde 111, na makundi matatu humaliza kabla ya dakika sita. Maji nayo hayamwagiki bure wakati wa kusugua.

Mdundo hauwezi kufidia maji yaliyochafuka. Darasa zima likichovya mikono katika beseni moja, uchafu wa wa kwanza humfikia wa mwisho. Maji sharti yatiririke, na mikono ikaushwe kwa kupepewa hewani badala ya kufutwa kwa sare au taulo moja la wote.