Kiwanja kilichouzwa kabla ya kifo: wosia unasema nini?

Jamaa nyingi za Kivu na Ituri zina wazazi au ndugu wanaoishi Nairobi. Mmoja akifariki kule akiwa ameacha wosia, karatasi hiyo husomwa mbele ya watoto, na pengine inataja kitu ambacho hakipo tena. Hapo ndipo maneno makali huanza. Tueleze namna sheria ya urithi ya Kenya, ambayo imefuata mafundisho ya sheria ya Uingereza, inavyolijibu jambo hilo.

Tuchukue mfano. Mama mjane ana watoto watatu. Mwaka 2015 anaandika wosia na kuutia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Anasema: «Kiwanja changu cha Kitengela ninampa mtoto wangu wa kwanza. Binti yangu apewe shilingi 300,000. Mali yangu yote inayobaki ninampa kitinda mimba.» Neno hili la tatu ndilo fungu la masalio. Linakusanya kila kitu ambacho wosia haukukigawa kwa jina, pamoja na kila zawadi iliyoshindwa kumfikia mwenyewe.

Mwaka 2020 mama anaugua. Anauza kiwanja kwa shilingi 2,000,000, analipa hospitali 800,000, na 1,200,000 anaziweka benki pamoja na 300,000 alizokuwa nazo. Wosia haugusi. Anafariki mwaka 2023 akiwa na shilingi 1,500,000 benki, wala hana mali nyingine.

Mtoto wa kwanza anasema: «Feza zile ni kiwanja changu. Nipeni.» Lakini sheria haihesabu hivyo. Alipewa kitu kimoja kilichotajwa, na siku mama alipofariki kitu hicho hakikuwa katika mali yake. Zawadi imekufa pamoja na mauzo. Haigeuki kuwa feza, na hata kama mama angalinunua kiwanja kingine Rongai, zawadi isingehamia kule. Kama angaliuza nusu tu, nusu iliyobaki ingekuwa ya mtoto huyo.

Zawadi ya binti ni ya namna nyingine. Shilingi 300,000 hazikufungwa kwenye kitu fulani. Zinatolewa katika mali yoyote iliyopo. Kwa hiyo hesabu inakwenda hivi: kwanza madeni na mazishi, tuseme 200,000. Kisha binti anapata 300,000. Inabaki 1,000,000, na yote inakwenda kwa kitinda mimba kwa sababu ya fungu la masalio. Mtoto wa kwanza hapati kitu, ingawa pengine mama alimkusudia sehemu iliyo kubwa kuliko zote.

Na kama wosia usingekuwa na fungu la masalio? Ile 1,000,000 ingekuwa mali isiyo na wosia. Kwa kuwa mama hakuacha mume, sheria ingeigawa kwa watoto wote watatu, na zile 300,000 alizopewa binti kwa wosia zingehesabiwa katika fungu lake. Basi wenye kusoma wosia watafute kwanza fungu hilo, maana ndilo linaloonyesha feza za kitu kilichouzwa zinaelekea kwa nani.

Dawa iko mikononi mwa mzazi angali hai. Anaweza kuandika tangu mwanzo: «Ninampa kiwanja cha Kitengela, na kama nimekwisha kukiuza, apewe shilingi 1,000,000 badala yake.» Kwa maneno hayo mtoto wa kwanza angalipata 1,000,000 na binti 300,000, na masalio yangalikuwa bure. Mama angeona mapema kwamba kitinda mimba atabaki mikono mitupu, na angepunguza kiasi. Au, siku anapouza, aandike nyongeza ya wosia na kuisahihisha mbele ya mashahidi wawili kama wosia wenyewe. Kumwambia mtoto kwa mdomo sebuleni, «usijali, feza ni zako», hakubadilishi wosia ulioandikwa.

Kuna mipaka miwili. Kenya, mtoto au mtu mwingine aliyetegemea marehemu anaweza kuomba korti impatie sehemu ikiwa wosia haukumtunza vya kutosha. Nayo parseli iliyo Bukavu, Goma au Bunia inafuata sheria ya Kongo. Huku Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawawekea watoto robo tatu ya urithi. Kwa hiyo maneno «mali yote inayobaki», yakiandikwa Nairobi, hayatoshi kumpa mtoto mmoja nyumba ya huku na kuwaacha ndugu zake nje.

Mzazi mwenye wosia sandukuni, siku anapouza kitu, autoe ausome tena kabla feza hazijaisha.